UCHANGANUZI: Kadi ya stoo yafichua siku ambazo zahanati hukosa dawa

KILA mwezi unapokwisha, msimamizi wa zahanati ya umma humu nchini huhesabu dawa zilizosalia rafuni na kuandika idadi hiyo katika ripoti inayopelekwa kwa afisa wa dawa wa kaunti ndogo.

Kutoka hapo takwimu huingizwa katika mfumo wa kitaifa wa habari za afya, ambao ulianza kutumika kote nchini mwaka wa 2011. Ndizo ambazo baadaye husomwa katika mikutano ya bajeti na katika kamati za afya za mabunge ya kaunti.

Idadi inayopewa uzito mkubwa katika mikutano hiyo hujibu swali moja tu: je, siku ambayo hesabu ilifanywa dawa ilikuwepo au haikuwepo? Haisemi lolote kuhusu siku nyingine zote zilizotangulia.

Mgonjwa, hata hivyo, haugui kwa kufuata kalenda ya ripoti. Mama aliyefika na mtoto mwenye homa tarehe 20, akaambiwa dawa zimekwisha na akaelekezwa kwenye duka la dawa sokoni, haonekani popote katika ripoti ya tarehe 31 ikiwa shehena mpya iliwasili tarehe 25. Kwa mujibu wa karatasi, zahanati hiyo haikukosa dawa mwezi huo.

Chombo kinachoweza kumfanya mama huyo aonekane tayari kipo katika kila stoo ya dawa, na hakihitaji umeme wala mtandao. Ni kadi ya akiba, ile ambayo wahudumu wengi huiita binkadi, inayoning'inizwa au kuwekwa kando ya kila aina ya dawa.

Kadi hiyo huwa na safu chache: tarehe, namba ya vocha, kiasi kilichopokewa, kiasi kilichotolewa, salio, na sahihi ya aliyehusika. Dawa zinapoingia, namba ya vocha ya mapokezi, S13, huandikwa. Zinapotoka kwenda chumba cha kugawia wagonjwa, namba ya vocha ya S11 huandikwa. Kila mstari unaacha salio jipya.

Kwa kuwa kila badiliko la salio lina tarehe yake, inawezekana kujua kwa hakika ni siku gani salio lilifika sufuri na ni siku gani liliinuka tena. Tofauti ya tarehe hizo mbili ndiyo idadi ya siku ambazo dawa haikuwepo. Ni hesabu ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kuifanya. Ugumu wake uko kwingine, kama itakavyobainika.

<b>Mwezi mmoja, majibu matatu</b>

Ichukuliwe zahanati moja ya mfano katika eneo la Ziwa Viktoria, mwezi wa Mei. Takwimu zinazofuata ni za kuelezea tu, si za kituo fulani, lakini mtu yeyote aliyewahi kufungua kadi hizo atazitambua.

Kadi ya dawa ya malaria ya watu wazima, yaani pakiti ya AL yenye tembe 24, inaonyesha kwamba mwezi ulianza na dozi 90. Tarehe 4 dozi 30 zilitolewa kwenda chumba cha kugawia na salio likawa 60. Tarehe 8 zikatolewa nyingine 30. Tarehe 13 zikatolewa 30 za mwisho na salio likawa sufuri.

Hakuna kilichoandikwa tena hadi tarehe 25, dozi 120 zilipopokewa. Tarehe 26 na tarehe 30 zikatolewa dozi 30 kila mara, na mwezi ukafungwa kwa salio la dozi 60.

Kutoka tarehe 13 hadi tarehe 25 ni siku 12. Hapa kanuni ni moja na haifai kubadilishwa katikati ya safari: ama siku ya kufika sufuri ihesabiwe na siku ya kupokea iachwe, ama kinyume chake. Wanaozihesabu zote mbili hupata siku 13, wanaoziacha zote mbili hupata siku 11, na vituo viwili vilivyo sawa huanza kuonekana tofauti kwa sababu ya kalamu tu.

Zahanati hiyo ya mfano inafuatilia dawa tano. Amoksilini na chumvi za ORS hazikukosekana hata siku moja. Parasetamoli ilikosekana kwa siku tatu. Oksitosini, sindano inayotumika kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, ilifika sufuri tarehe 10 na ikapokewa tena tarehe 26, yaani siku 16.

Jumla ya siku zilizokosekana ni 12 za AL, tatu za parasetamoli na 16 za oksitosini, ambazo ni 31. Mei ina siku 31, na kwa dawa tano hizo ni siku 155 ambazo dawa zilipaswa kuwepo. Ukigawanya 31 kwa 155 unapata asilimia 20. Hicho ndicho kiwango cha ukosefu wa dawa cha kituo hicho kwa mwezi huo.

Sasa linganisha jibu hilo na mengine mawili ambayo yangeweza kutolewa, kwa uaminifu kabisa, kuhusu kituo hicho hicho. Aliyeangalia rafu tarehe 31 Mei pekee aliona dawa zote tano zipo, naye ataandika asilimia sufuri. Aliyeuliza ni dawa ngapi zilikosekana angalau mara moja katika mwezi atahesabu tatu kati ya tano, naye ataandika asilimia 60.

Sufuri, 20 na 60. Hakuna aliyesema uongo. Lakini mkuu wa idara ya afya akitaka kusifiwa atachagua namba ya kwanza, na mpinzani wake akitaka kumwangusha atachagua ya tatu. Ya katikati ndiyo pekee inayobeba muda, yaani ndiyo pekee inayotofautisha kituo kilichokosa parasetamoli kwa siku tatu na kile kilichokosa oksitosini kwa zaidi ya nusu ya mwezi.

Suala hili la namna ya kuhesabu si la kinadharia. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2009 kuhusu dawa za malaria katika vituo vya serikali nchini Kenya ulibaini kwamba zaidi ya robo ya vituo vilivyotembelewa havikuwa na pakiti yoyote ya AL kati ya aina nne zinazotolewa kulingana na uzito wa mgonjwa. Lakini vilivyokosa angalau aina moja vilikuwa kama robo tatu.

Robo na robo tatu, katika vituo vile vile. Tofauti inatokana na jinsi pakiti zinavyohesabiwa. AL ya vituo hivyo ilikuwa katika pakiti za tembe 6, 12, 18 na 24, na kila moja ina kadi yake. Pakiti ya 24 ikiisha, muuguzi anaweza kuunganisha pakiti nne za tembe 6 na mgonjwa mzima akapata dozi yake kamili. Kadi ya 24 inasoma sufuri, lakini mgonjwa ametibiwa.

Je, siku hiyo ihesabiwe kuwa ya ukosefu? Kwa anayetaka kujua kama watu wanatibiwa, la. Kwa anayesimamia ugavi, naam, kwa sababu dozi moja ya mtu mzima imemeza dozi nne za watoto wachanga, na baada ya wiki mbili kadi ya pakiti ya 6 nayo itasoma sufuri. Njia inayoeleweka zaidi ni kuandika namba zote mbili, ya pakiti na ya dawa yenyewe, badala ya kuzichanganya.

<b>Stoo si chumba cha kugawia</b>

Kadi inaeleza mambo ya stoo. Mgonjwa hapokei dawa kutoka stoo, bali kutoka dirisha la chumba cha kugawia, na kati ya vyumba hivyo viwili kuna akiba ambayo kadi haiioni.

Katika mfano wetu, tarehe 13 stoo ilibaki tupu, lakini dozi 30 zilikuwa zimehamia tu upande wa pili wa ukuta. Kituo hicho kinatumia kama dozi sita au saba kwa siku. Daftari la kila siku la kugawia dawa likifunguliwa, mgonjwa wa mwisho kupewa AL ataonekana kama tarehe 17. Kwa hivyo siku ambazo wagonjwa walirudi mikono mitupu ni kuanzia tarehe 18 hadi 24, ambazo ni siku saba, wala si 12.

Kinyume chake pia hutokea. Stoo ina maboksi lakini mwenye ufunguo amekwenda semina au kuchukua mshahara mjini, na chumba cha kugawia kimekauka siku mbili. Kadi inaonyesha salio zuri. Kwa mgonjwa, dawa haipo.

Kwa sababu hiyo, mkaguzi makini hachukui kadi peke yake. Huichukua pamoja na daftari la kugawia, na hutazama siku ambazo kadi inasoma sufuri ilhali daftari bado linaonyesha wagonjwa waliopewa. Zikiwa chache, ni akiba ya dirishani. Zikiwa nyingi mno, basi kuna dawa zinazoingia bila kupita kwenye kadi, au kadi haijazwi.

Katika zahanati ndogo, ambapo muuguzi mmoja ndiye tabibu, ndiye mkunga na ndiye mtunza stoo, ukuta huo kati ya stoo na dirisha mara nyingi ni wa karatasi tu. Dawa hutolewa moja kwa moja kutoka boksi. Kadi hujazwa Ijumaa, kwa jumla ya wiki nzima. Hapo tarehe ya sufuri inaweza kukosewa kwa siku tatu au nne, na kwa dawa iliyokosekana siku tano hilo ni kosa kubwa mno.

Oksitosini ina mkasa wake wa pekee. Huhifadhiwa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi, na jokofu lenyewe mara nyingi liko katika chumba cha chanjo au cha kujifungulia. Kadi yake imebaki stoo, mbali na dawa inayoihesabu, na wanaoichukua usiku wa manane mama anapojifungua hawana wakati wa kuitafuta. Ndiyo maana kadi ya oksitosini huwa miongoni mwa zile zisizoaminika, ingawa ndiyo ambayo kila siku ya ukosefu inaweza kugharimu uhai.

<b>Kadi tupu na kituo hodari</b>

Kuna hatari nyingine, na pengine ndiyo inayopotosha takwimu kuliko zote. Kituo ambacho hakijazi kadi hakina siku za sufuri za kuhesabiwa.

Karani anayejumlisha akiichukulia nafasi tupu kuwa sufuri, kituo kizembe zaidi katika kaunti kitaongoza orodha, na kile ambacho muuguzi wake huandika kila siku kwa uaminifu kitaonekana kibovu. Mwaka unaofuata muuguzi huyo atakuwa amejifunza somo, naye ataacha kuandika.

Kanuni ni kwamba kadi isiyokuwepo, au iliyo na pengo la mwezi mzima bila maandishi ilhali wagonjwa walitibiwa, iondolewe katika hesabu, juu na chini ya mstari wa kugawanya. Ikiwa kati ya dawa tano kadi mbili hazifai, kituo kihesabiwe kwa dawa tatu, na karibu na asilimia yake iandikwe kwamba ni kadi tatu tu kati ya tano zilizosomeka. Msomaji ataamua mwenyewe aiamini kiasi gani.

Vivyo hivyo kwa dawa ambayo kituo hakipaswi kuwa nayo. Zahanati isiyozalisha haipaswi kupimwa kwa oksitosini, na ile isiyo na ruhusa ya kutoa dawa fulani isiadhibiwe kwa kuikosa. Orodha ya dawa zinazofuatiliwa lazima iwekwe kwa kila ngazi ya kituo kabla ya hesabu kuanza, si baada ya matokeo kuonekana.

Kadi iliyojazwa kwa kubuni nayo inatambulika. Mistari ya miezi mitatu imeandikwa kwa kalamu moja na kwa mwandiko usioyumba, kana kwamba imeandikwa alasiri moja. Kiasi kinachotolewa ni 50 kila Jumatatu, mvua inyeshe au isinyeshe. Safu ya namba ya vocha ni tupu, au namba zilizopo hazipatikani katika kitabu cha S11. Na salio la mwisho halilingani na maboksi yaliyo rafuni.

Jaribio la mwisho ndilo rahisi kuliko yote: kuhesabu maboksi. Lakini hata hapo, boksi halitoshi. Kadi inaweza kusoma 200 na rafu ikawa na 200, zote zikiwa zimepitisha tarehe ya kuharibika. Dawa iliyokwisha muda haipo, na siku zihesabiwe kuanzia tarehe iliyochapishwa kwenye boksi, si tarehe ambayo mkaguzi aliligundua.

<b>Upungufu unaojizaa</b>

Wapo watakaouliza kwa nini shughuli yote hii, ikiwa mwisho wake ni kumwambia mkuu wa idara jambo ambalo wagonjwa tayari wanalijua. Jibu limo katika fomu ya kuagiza dawa.

Miaka ya nyuma, zahanati zilipelekewa masanduku ya dawa yaliyopangwa tayari, kila kituo kikipata sawa na kingine bila kujali idadi ya wagonjwa. Baadaye mfumo ulibadilishwa ili kituo chenyewe kiagize kulingana na matumizi yake. Tangu 2013, huduma za afya zilipohamishiwa serikali za kaunti, ni kaunti inayolipa na kituo kinachosema kinahitaji kiasi gani, kisha dawa hutoka kwa Mamlaka ya Usambazaji Dawa, KEMSA, au kwa wasambazaji wengine.

Mfumo wa kuagiza kwa matumizi ni wa busara, lakini una mtego. Matumizi hupimwa kwa dawa zilizotoka, na dawa isiyokuwepo haiwezi kutoka.

Turudi kwa AL ya zahanati yetu. Tuseme kati ya Aprili na Juni, siku 91, ilitoa dozi 450. Msimamizi akigawanya kwa miezi mitatu anapata dozi 150 kwa mwezi, na kwa robo ijayo anaagiza 450 nyingine. Hesabu ni safi na afisa anaitia sahihi.

Lakini kadi inaonyesha kwamba katika robo hiyo AL ilikosekana kwa siku 31: zile 12 za Mei, na 19 nyingine katika Aprili na Juni. Dozi 450 hazikutumika kwa siku 91, bali kwa siku 60 tu. Hiyo ni dozi saba na nusu kwa siku, au 225 kwa mwezi wa siku 30.

Kwa robo ijayo kituo kinahitaji kama dozi 675. Kikiagiza 450 na kutumia saba na nusu kila siku, zitaisha baada ya siku 60, na mwezi wa tatu utapita rafu ikiwa tupu. Msimamizi ataandika tena kwamba robo hiyo alitumia 450. Ataagiza 450.

Hivyo ndivyo kituo kinavyoweza kukosa dawa theluthi moja ya mwaka, mwaka baada ya mwaka, bila mtu yeyote kuiba, bila gari kuchelewa na bila kosa lolote la kujumlisha. Upungufu wa robo moja umeandikwa ndani ya oda ya robo inayofuata.

Dawa ya ugonjwa huu iko ndani ya fomu yenyewe. Fomu za kila mwezi za matumizi na maombi, kama ile ya dawa za malaria inayojulikana kama MOH 743, zina safu inayouliza dawa ilikosekana siku ngapi. Safu hiyo ndiyo inayopaswa kutumika kurekebisha wastani: jumla iliyotolewa igawanywe kwa siku ambazo dawa ilikuwepo, kisha izidishwe kwa siku za mwezi. Ikiachwa wazi, au ikijazwa sufuri kwa mazoea, oda inarudi kwenye mtego.

Marekebisho hayo yana mipaka yake, na si vyema kuyaamini kupita kiasi. Kituo kilichokuwa na dawa kwa siku tano tu katika mwezi hakiwezi kuzidisha matumizi ya siku hizo tano na kudai kwamba ndiyo hali ya kawaida, kwa kuwa habari za kuwasili kwa dawa huenea kijijini na wagonjwa wa vituo jirani hufurika. Aidha, muuguzi anapoona salio linakaribia kuisha huanza kubana, akiwapa watoto na wajawazito pekee. Siku hizo kadi haisomi sufuri, lakini watu wazima hawapati kitu.

<b>Kosa ni la nani?</b>

Faida kubwa zaidi ya kuhesabu siku haimo katika asilimia ya kituo kimoja, bali katika kuziweka kadi za vituo vingi pamoja kwenye kalenda moja na kutazama ni tarehe zipi zimetiwa alama.

Vituo viwili vinaweza kuwa na asilimia 20 kila kimoja kwa sababu zisizofanana hata kidogo. Cha kwanza kilikosa dawa moja kwa mwezi mzima, siku 31 kati ya 155. Cha pili kilikosa dawa zote tano kwa siku sita au saba za mwisho wa mwezi.

Cha kwanza kina tatizo la dawa hiyo. Ikiwa vituo vyote katika kaunti vimeikosa tarehe zile zile, basi chanzo kiko juu, pengine katika ghala au katika zabuni, na kumkaripia muuguzi hakutaleta boksi hata moja. Ikiwa ni kituo hicho pekee na jirani yake aliye umbali wa kilomita nane ana maboksi ya kumwaga, basi hakuagiza, au aliagiza vibaya, na tiba ni pikipiki moja ya kuhamisha dawa alasiri hiyo.

Cha pili kina tatizo la muda. Dawa zote zikiisha pamoja, maana yake ni kwamba shehena haikuja. Mara kadhaa tangu ugatuzi uanze, KEMSA imelalamikia madeni ya mamilioni ambayo kaunti hazijalipa, na kaunti nazo zimelaumu Hazina ya Kitaifa kwa kuchelewesha mgao. Mabishano hayo huendeshwa kwa barua na mikutano ya wanahabari. Kwenye kalenda ya kadi yangeonekana kama ukuta mmoja wa sufuri unaoanza wiki moja katika kila kituo.

Ndipo msimu nao unapoingia. Siku 12 bila AL katika mwezi wa Mei kandokando ya ziwa, wakati mvua za masika zimeleta mbu na foleni za wagonjwa ni ndefu, si sawa na siku 12 za Septemba. Asilimia inazihesabu kwa uzani mmoja. Anayetaka kujua madhara itambidi azidishe siku hizo kwa idadi ya wagonjwa waliopimwa na kupatikana na malaria tarehe hizo, na namba hizo zimo katika daftari la maabara, meza moja tu kutoka stoo.

Kikwazo cha kweli ni kwamba kadi husomwa ikiwa imechelewa. Hesabu ya Mei hufika mezani Juni au Julai, na kufikia wakati huo tarehe 18 haiwezi kuokolewa. Katika nchi jirani ya Tanzania, mradi mmoja ulijaribu kufupisha muda huo kati ya 2009 na 2010 katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Kila wiki wahudumu walitumiwa ujumbe mfupi wa simu wakiulizwa wana dozi ngapi za dawa za malaria, na majibu yao yalionekana na maafisa wa wilaya.

Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo havikuwa na angalau aina moja ya dawa hizo. Kufikia wiki ya 21 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 26, na huko Lindi Vijijini ukosefu ulikuwa umetoweka tangu wiki ya nane. Mradi huo haukuwa wa kuongeza dawa. Kilichobadilika ni kwamba wakubwa waliona pengo likiwa bado pengo, wakahamisha maboksi kutoka kituo kimoja hadi kingine na kusukuma oda za dharura.

Ujumbe wa kila wiki bado ni picha ya siku moja, na kituo kinaweza kukosa dawa Ijumaa na kuipata Jumatano bila simu kujua. Lakini kati ya picha moja kwa mwezi na picha nne, ya pili huacha nafasi ndogo zaidi ya mtu kujificha. Kadi hubaki kuwa ushahidi wa baadaye, unaosema kama picha hizo zilikuwa za kweli.

Kwa kaunti yenye zahanati 100 na dawa 10 za kufuatilia, kazi yenyewe ni kadi 1,000 kwa mwezi. Msomaji mwenye uzoefu humaliza kadi moja kwa dakika mbili au tatu, kwa kuwa anatafuta sufuri na tarehe mbili tu. Hizo ni kati ya saa 33 na 50 za kazi, yaani wiki moja ya afisa mmoja, au nusu saa hivi ya kila msimamizi ikiwa ataihesabu mwenyewe kabla ya kufunga ripoti yake na kuijaza ile safu ya siku.